Mguu wa Mbuzi Juu ya Makaa

Mguu wa nyuma wa mbuzi ni mgumu kuchoma kwa sababu unene wake hauko sawa. Kwenye paja nyama ni nene na imeshikana na mfupa, huku upande wa goti ikiwa nyembamba. Moto unaofaa upande mmoja huunguza mwingine.

Baba mmoja alilijua hilo katika mkusanyiko wa familia wa Desemba, alipochoma miguu miwili ya mbuzi mmoja. Ule wa kwanza aliuweka wavuni mkaa ukiwa bado una weusi na ndimi za moto zikiruka. Mafuta yalipodondoka, ndimi zilizidi. Baada ya dakika 30 nyama ilikuwa nyeusi kwa nje, na kisu kilipofika mfupani kikakuta damu.

Kwa mguu wa pili alisubiri mkaa ushike wote na uvae majivu ya kijivu, wekundu ukionekana kwa ndani tu. Hatua hiyo huchukua karibu nusu saa, na ndipo joto linapotulia. Kipimo chake kilikuwa kiganja: alikishika juu ya wavu, kimo cha shubiri moja hivi, akahesabu. Mkono unaoondoka kwa sekunde 2 unaonyesha moto mkali mno kwa paja. Ukivumilia sekunde 5 au 6, joto linafaa. Makaa mengi aliyasogeza upande mmoja, paja likaelekea huko na goti likakaa pembeni. Aligeuza kila baada ya dakika 10 hivi, akinyunyiza maji ya chumvi, na kuongeza makaa yaliyokwisha kushika kwenye jiko la kando. Mkaa mbichi hutoa moshi na kupoza moto, kosa ambalo wachomaji wenye haraka hulirudia kila mara.

Baada ya saa moja na nusu hivi alichoma kisu karibu na mfupa. Maji yaliyotoka hayakuwa na wekundu. Wageni walikwisha kukaa na kachumbari ilikuwa tayari, lakini mguu haukukatwa. Joto kali hubana nyuzi za nyama na kusukuma maji yake nje. Nyama ikitulia, nyuzi hulegea kidogo na maji hayo huwa mazito, hivyo hayatoroki kwa urahisi. Mguu wa kwanza, uliokatwa bila kupumzishwa, ulikuwa umelowesha ubao wote; wa pili, uliopumzika dakika 15 chini ya sufuria iliyoachiwa upenyo, uliacha unyevu kidogo tu. Kuufunika kabisa kungezuia mvuke na kulainisha ngozi ya juu iliyokauka vizuri.

Kupumzisha nako kuna kikomo, hasa kwa mbuzi. Mafuta yake huganda mapema kuliko ya kuku, na kwenye baridi ya jioni nyama iliyosahaulika nusu saa hugandia mdomoni. Kwa hiyo alikata vipande vichache kwa wakati, akikatisha nyuzi, na sehemu iliyobaki akairudisha pembezoni mwa wavu.