Deni la Muda Mrefu Linapogeuka la Muda Mfupi

Anayekopesha huangalia jumla ya madeni kwenye mizania, lakini kinachompa jibu ni tarehe za kuyalipa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 1, huhesabu deni kuwa la muda mfupi likitarajiwa kulipwa katika mzunguko wa kawaida wa biashara au likiiva ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Ni vivyo hivyo pale ambapo kampuni, siku hesabu zinapofungwa, haina haki ya kuahirisha malipo kwa miezi 12 au zaidi. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachoweza kuigeuza mizania kwa usiku mmoja.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukoboa mpunga chenye madeni ya shilingi milioni 600. Wauzaji wa mpunga wanadai milioni 140, ovadrafti ni milioni 40, na mkopo wa mashine ni milioni 420, ambao milioni 60 zake zinalipwa mwaka ujao. Madeni ya muda mfupi ni milioni 240. Mali za muda mfupi, yaani fedha taslimu, wadaiwa na shehena ya ghalani, ni milioni 360. Kila shilingi inayodaiwa karibuni ina shilingi moja na nusu ya kuilipa, na ofisa mikopo anaweza kuendelea kusoma.

Sasa tuseme mkataba wa mkopo unataka faida kabla ya riba na kodi iwe angalau mara 2 ya riba, na tarehe 31 Desemba imefika mara 1.7 tu. Sharti limevunjwa, na benki ina haki ya kudai mkopo wote papo hapo. Milioni 360 zilizokuwa za muda mrefu zinahamia upande wa muda mfupi, ambao sasa unabeba milioni 600 zote. Kila shilingi inayodaiwa imebaki na senti 60. Hakuna deni jipya lililokopwa.

Benki ikisamehe kwa barua mwezi Februari, hesabu za Desemba hazibadiliki, kwa sababu haki ya kuahirisha haikuwepo siku ile. Barua hiyo ingesaidia kama ingetolewa kabla ya mwaka kwisha na kutoa muhula wa angalau miezi 12 kuanzia tarehe ya kufunga hesabu. Ukali huu ni wa haki: mkopeshaji mwingine anahitaji kujua nani angeweza kuzidai fedha zilezile siku hiyo.

Kuna pia masharti yatakayopimwa baada ya mwaka kufungwa. Hayo hayahamishi deni, lakini tangu Januari 2024 kampuni lazima iyaeleze kwenye maelezo ya hesabu. Mkopeshaji makini huyasoma kabla ya kuamini mgawanyo. Kisha huomba ratiba ya malipo ya kila mwezi, maana mizania haitofautishi deni la Januari na la Novemba, na mpunga ulioko ghalani haulipi riba kabla haujauzwa.