Alfajiri na Alasiri Bwawani

Mfugaji wa sato anayeujua ufundi wake hufika bwawani kabla jua halijachomoza, wala habebi chakula. Huja kutazama vinywa. Samaki wengi wakiwa wamepanda juu, wanaachama usoni mwa maji na hawazami upesi wakisikia hatua, oksijeni imepungua. Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku kucha huitumia, ukiigombania na samaki na uozo wa chini. Sato ni mvumilivu, ila akiamka kila siku kwenye maji yenye oksijeni chini ya miligramu 3 kwa lita, hali vizuri na hakui. Hapo huingizwa maji mapya yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa, na chakula na samadi husimamishwa.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni kwamba kipimo chake cha kwanza ni mkono. Uzamishe hadi kwenye kiwiko. Vidole vikionekana wazi, mwani ni haba. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado hayajafika katikati ya kigasha, mwani umezidi na alfajiri itakuwa ngumu. (Maji ya kahawia yaliyochafuka kwa udongo hayapimwi hivi.)

Amonia haionekani kwa jicho. Hiyo inataka kifaa cha kupimia, na saa yake ni alasiri. Chukua bwawa la mita 20 kwa 10, kina mita moja, lenye sato 600 wa gramu 200 kila mmoja. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 3.6 kwa siku. Chakula kikiwa na protini asilimia 30, samaki watatoa takriban gramu 100 za amonia, nyingi kupitia mashavu, yaani nusu miligramu kwa kila lita. Kwa kawaida mwani huila. Ukifa ghafla, maji yakageuka kutoka kijani kuwa ya hudhurungi, amonia hubaki na kurundikana siku baada ya siku.

Sumu yake hutegemea pH. Ikiwa 7, haifiki asilimia moja iliyo katika umbo la sumu. Lakini mwani mwingi hunyonya kaboni dayoksaidi mchana na kuipandisha pH. Ikifika 9 katika maji ya nyuzi 28, karibu asilimia 40 ya amonia ile ile huwa sumu. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi hudanganya.

Joto huamua tonge. Sato hula vyema kati ya nyuzi 27 na 30. Chini ya 20 hamu hupungua, na chakula kinachobaki huoza, kikala oksijeni na kuzaa amonia. Njombe, wakati wa baridi ya Juni na Julai, mfugaji hungoja mchana maji yapate joto, hutupa chakula kidogo kidogo, na huacha mara samaki wanapoacha kupanda.