Suti ya Mistari Imekula Nafasi Tatu

Mpaka kipande cha nane mambo yalikuwa yakienda vizuri. Mlioangalia kipindi cha Jumamosi mnakumbuka: binti ameajiriwa kwenye ofisi ya bima maeneo ya Posta, kazi yake ya kwanza, ana shilingi 300,000 na nafasi 12 za kujaza, viatu na mkoba havimo kwenye hesabu. Mpanga mavazi akamchagulia blauzi nyeupe ya pamba, shati la samawati, blauzi ya krepu ya rangi ya maziwa, blauzi ya kijani iliyokolea na kitopu cha kufuma cha damu ya mzee. Chini akampa sketi ya buluu iliyoiva na suruali ya kaki, akaongeza gauni moja la buluu. Kazi safi. Kisha akaivuta ile suti nyeusi ya polista yenye mistari myembamba myeupe, koti na suruali na sketi yake, akatangaza kwamba huo ndio uti wa mgongo wa kabati zima. Hapo ndipo kabati lilipovunjika. Kadigani iliyofuata kukamilisha 12 haikuweza kuokoa chochote.

Suti ile ilimeza shilingi 170,000, zaidi ya nusu ya fedha yote. Hilo ningelisamehe, kwa sababu koti zuri lina haki ya kugharimu kuliko blauzi. Nisichoweza kusamehe ni kwamba ilichukua nafasi tatu kati ya 12 na nafasi hizo tatu zikaanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Tufanye hesabu. Juu ana nguo tano, chini ana nne tukiziweka hizo mbili za mistari. Tano mara nne ni 20, na gauni linafanya 21. Koti katika kabati dogo lina kazi moja kubwa: liuchukue kila mseto uliokwisha kuvaliwa na kuufanya mwingine. Koti la rangi moja lililochaguliwa kwa akili lingekwenda na chini zote nne na juu ya gauni, yaani miseto mingine 21. Koti la mistari linakwenda na suruali yake na sketi yake basi. Tano mara mbili, kumi. Binti amelipia koti zima, kapewa nusu yake.

Najua wapo watakaosema mbona atalivaa tu na ile suruali ya kaki. Ajaribu mbele ya kioo chenye mwanga wa dirishani. Mistari ya suti inashuka kutoka begani, inafika kwenye pindo la koti na kukatika ghafla juu ya kitambaa kisichokuwa na mstari wowote, na jicho la anayemtazama linatua pale pale kwenye mkato. Tena kitambaa cha suti ile ni laini na kina mng'ao, kaki ni kavu na nzito. Koti la kuvaliwa na chini ya aina yoyote linatakiwa liwe na kitambaa kisicho na mng'ao, kilichofumwa kwa vimiraba vidogo unavyovisikia ukipitisha kidole, ili lionekane limezaliwa peke yake. Koti laini lenye mng'ao, hata likiwa halina mistari, kila wakati linaonekana limeiacha suruali yake nyumbani. Na suruali ya mistari ikivaliwa na kadigani inaleta swali lile lile upande wa pili: koti liko wapi?

Sasa tuje kwenye kuvaa na kufua, maana kipindi hakikugusa kabisa. Suruali ya suti hufa kabla ya koti. Haina njia nyingine. Suruali inakaliwa kwenye kiti cha daladala, inasuguliwa mapajani kwa kutembea, inakunjwa magotini kutwa nzima, wakati koti limening'inizwa nyuma ya kiti ofisini likisubiri mkutano. Suruali inafuliwa kila baada ya kuvaliwa mara mbili tatu kwa sababu ya joto la Dar es Salaam. Koti linafuliwa kwa nadra. Ukiongeza pasi ya moto kwenye polista, nyuzi zinalala na kulainika, na makalio ya suruali yanaanza kung'aa kama yamepakwa mafuta. Dalili ya kwanza utaiona kwenye mshono wa nyuma, pale kitambaa kilipo mara mbili: mstari unaometa ukiinama kwenye mwanga. Ikifika hapo, hakuna fundi wa kuurudisha weusi ule, na koti ambalo bado ni jipya limekuwa mjane.

Fundi aliyenifundisha kushika mkasi hakukubali kukata koti bila suruali mbili. Mteja akija na kitambaa cha suruali moja alirudishwa dukani. Ndivyo zilivyoshonwa suti za Kaunda ambazo makarani wa miaka ya 1970 walizivaa mwaka mzima: mikono mifupi, bila tai, mara nyingi bila bitana, na suruali ya pili kabatini. Mpanga mavazi wetu anaweza kujitetea kwamba ile sketi ndiyo suruali ya pili. Lakini tuliiona sketi yenyewe, ya kubana mpaka chini ya goti na mpasuo mfupi nyuma. Binti anayepanda daladala kila alfajiri ataivaa mara moja, atashindwa kuinua mguu kwenye ngazi, na suruali itabeba wiki nzima.

Halafu kuna gundi. Nimelisema hili miaka mingi na nitaendelea kulisema. Makoti ya bei ile kifua chake hakishonwi. Kitambaa cha kukipa ugumu kinabandikwa kwa gundi ya joto. Likifuliwa nyumbani, gundi inaachia sehemu sehemu na kifua kinatoa malengelenge madogo. Ndani ya duka huyaoni. Toka nje juani, lipige koti jua la ubavuni, utayaona chini ya lapeli. Kabla ya kununua, bana kitambaa kwa vidole viwili karibu na kitufe cha chini, upande wa nje na upande wa ndani, kisha uvisugue taratibu. Ukisikia tabaka jembamba la tatu likielea katikati, kifua kimeshonwa. Ukisikia kitambaa cha nje ni kigumu chenyewe na hakuna kinachoelea, kimegundishwa. Cha gundi si lazima kiwe kibaya, ila kisiingie kwenye beseni la maji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suala la koti kufungwa kwa suruali yake lilikwisha kutatuliwa zamani. Susie Faux, mwenye duka la Wardrobe mjini London, alilitangaza wazo la kabati dogo katika miaka ya 1970, na msingi wake ulikuwa vipande vichache vya ubora vinavyovaliwa pamoja. Mwaka 1985 Donna Karan akatoa vipande vyake saba mjini New York kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakijaza maofisi, rangi yake kuu ikiwa nyeusi tupu. Hakuna kipande kilichofungwa kwa mwenzake mmoja, na koti liliweza kukaa juu ya chochote. Miaka 40 baadaye tunamfundisha binti wa Posta kununua suti ya vipande vitatu na kuiita kabati dogo.

Nini kingefanyika? Nafasi zile tatu ningeziacha zile zile: koti, suruali, sketi. Koti la kijivu cha katikati, suruali ya buluu iliyoiva, sketi ya kahawia iliyokolea yenye nafasi ya kutembea. Sichagui koti la buluu, kwa sababu tayari ana sketi na gauni la buluu, na buluu mbili zinazokaribiana bila kulingana zinaonekana kama suti iliyokosewa kwenye kufua. Tofauti kati ya koti na chini lazima ionekane ni ya makusudi. Kijivu kinaachana vizuri na buluu, na kaki, na kahawia, na hakigombani na blauzi yoyote kati ya zile tano.

Koti kama hilo halitafutwi kwenye duka la suti. Linatafutwa mitumbani, Karume, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Anza na bega, kwa sababu bega ndilo fundi hawezi kulirekebisha bila kulifumua koti lote. Livae, simama ubavu kwa ukuta na usogee taratibu. Pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni pana, liache hata kama rangi imekuvutia. Kiuno fundi atapunguza kwa mshono wa nyuma. Mkono utafupishwa kutoka chini, lakini angalia vishikizo vya mkononi: vikiwa vimetobolewa kweli na vinafunguka, mkono haufupishwi kutoka pale, itabidi ufanyike begani na gharama inapanda.

Ligeuze ndani. Unataka bitana iishie nusu ya mgongo, kwa sababu bitana kamili ya polista kwenye unyevu wa pwani ni kuvaa jasho lako mwenyewe mpaka ufike kwenye kiyoyozi. Kitambaa kiwe sufu nyepesi, ile ya gramu kati ya 220 na 260 kwa mita. Lebo ikiwa imekatwa, mwombe muuzaji uvute uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika kwa vidole. Polista inayeyuka na kubaki punje ngumu nyeusi. Uzi ukifanya yote mawili, ni mchanganyiko, na bei ishuke.

Kwa ambao wamekwisha kununua suti ya namna ile baada ya kipindi, na nimeshaambiwa wapo, fueni vipande vyote vitatu siku moja na kwa njia moja, ikiwezekana kwa dobi wa kukausha, ili weusi upungue kwa pamoja. Pasi ipite juu ya kitambaa cha pamba kilicholowanishwa, isiguse polista moja kwa moja. Suruali isivaliwe siku mbili mfululizo. Sketi mpelekeeni fundi apandishe pindo na mpasuo wa nyuma sentimita chache ili ibebe zamu yake, na vipande vitakavyokatwa aviweke. Vitahitajika kwenye makalio ya suruali kabla ya mwaka kwisha.