Nyusi za Zege za Bombay

Ukipita upande wa magharibi wa Uwanja wa Oval, katika mji wa Mumbai uliokuwa ukiitwa Bombay, inua macho utazame juu ya madirisha. Utaona ubapa mwembamba wa zege umechomoza ukutani, unazunguka kona na kuendelea hadi dirisha la pili bila kukatika. Watu wa fani huuita nyusi. Hilo ndilo pambo la Ati Deko ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu pia linafanya kazi: huzuia jua la mchana na kutupa mbali mvua ya masika.

Maonyesho ya Paris ya 1925, yaliyojaa samani, vito na vitambaa, yalieneza ladha ya mistari safi na michoro ya pembe. Bombay iliipokea kama bandari inavyopokea kila kitu. Meli za abiria ziliwapa wasanifu majengo wazo la vizuizi vya bomba na madirisha ya duara. Sinema nazo zikaufanya mtindo huo kuwa fahari ya mtaani: Regal ilifunguliwa 1933, Eros 1938, huku mnara wake ukipanda kwa ngazi juu ya kuta za rangi ya maziwa na mawe mekundu ya Agra. Wenye mali wakataka nyumba zao zifanane na walichokiona kwenye pazia, na ardhi mpya iliyofukiwa baharini ikawapa viwanja.

Lakini mstari ule uliochorwa kwa kalamu ulimtegemea seremala. Zege halina umbo lake lenyewe; hufuata boksi linamomiminwa. Kwa kona ya mviringo, seremala hukata mbavu za mbao kwa tao moja, kisha hupanga juu yake mbao nyembamba zilizobanana. Mbavu moja ikipotoka, jua la asubuhi likipita ubavuni mwa ukuta hufichua bonde.

Adui wa kazi hii ni chumvi ya bahari. Hupenya kwenye zege hadi kwenye nondo. Kutu huvimba, zege likapasuka. Dalili ya kwanza ni ufa unaofuata nondo na doa la kahawia chini yake. Gonga kwa nyundo: palipoachana hulia kama pana uwazi.

Kupaka lipu juu ya ufa ni kuficha ugonjwa, tena hunenepesha ukingo. Fundi mwenye heshima hukata kwanza kigezo cha ubao kutoka sehemu nzima ya nyusi, huchimba hadi nondo safi, huisugua, hujaza upya, kisha hupitisha kigezo kabla zege halijakauka. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza majengo haya katika urithi wa dunia, lakini jina hilo haliwezi kunyoosha ukingo. Kwa kuwa mstari ni mmoja kwa nyumba nzima, mpangaji mmoja akiziba veranda yake kwa vioo, amewakatia wote.