Hotuba ya Baba Mkubwa kwenye Meza ya Warusi

Tuchukue harusi ya mfano. Bwana harusi ametoka Moshi, bibi harusi ni Mrusi, na sherehe inafanyika Mosko. Baba mkubwa ameandika hotuba yake kwa Kiswahili, na mpwa aliyesoma huko amepewa kazi ya kuiandaa kwa Kirusi. Maneno yenyewe hayamsumbui sana. Kinachomsumbua ni mpangilio, kwa sababu hotuba ya Kiswahili na ya Kirusi huweka uzito mahali tofauti.

Kwetu, heshima hutangulia. Baba mkubwa anaanza na wazee, wakwe, mshenga, kamati na majirani waliosafiri, kisha anasema itifaki imezingatiwa. Ndipo zinapokuja shukrani, wosia na dua, na akimaliza kuomba Mungu awabariki maharusi, hotuba imefungwa vizuri. Mezani kwa Warusi, hotuba nzima ni safari ya kuelekea sentensi moja, ile ya mwisho, inayotaja kitu kinachonywewa: maharusi, wazazi au mapenzi. Wageni huisikiliza wakiwa wameshika glasi, mara nyingi wamesimama. Salamu za dakika tatu zinawachosha mikono, na hotuba inayoishia kwenye dua pekee inawaacha wakitazamana, wasijue kama wakati wa kunywa umefika.

Kwa hiyo mpwa anaigeuza. Orodha ya salamu anaibakiza kwa watu wawili tu, baba na mama wa bibi harusi, na kila mmoja anamtaja kwa jina lake likifuatwa na jina litokanalo na la baba yake, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima kamili ya Kirusi kwa mtu mzima. Wengine anawakusanya katika maneno mawili, “wageni wapendwa”. Sentensi ya mwisho anaiandika kwanza, kisha anapanga mengine yote yaielekee.

Sehemu ngumu zaidi ni marehemu. Baba mkubwa amesema babu wa kijana angefurahi kuiona siku hii, na kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa karibu na dua. Warusi nao huwakumbuka wafu kwa glasi, ila hunywa bila kugonganisha. Sentensi hiyo ikikaa karibu na mwisho, wageni watasita: wagonganishe kwa ajili ya maharusi au wanyamaze kwa ajili ya babu? Mpwa anaipeleka mwanzoni, naye babu anakuwa chanzo cha wosia: “Babu yake alitufundisha kwamba...” Heshima imebaki, na shaka imeondoka.

Mtego mwingine uko kwenye wosia. Baba mkubwa anasema ndoa ina utamu na ina uchungu. Kwenye harusi ya Kirusi, wageni hupaza sauti “Gorko!”, yaani “Chungu!”, na hapo maharusi hubusiana huku watu wakihesabu. Neno hilo likipita katikati ya wosia, ukumbi unaweza kulidaka na hotuba ikakatika kabla ya kufika mwisho. Mpwa anaandika “siku ngumu” badala ya “uchungu”. Pia anawadokeza wazee wa Moshi mapema kwamba busu hilo litaombwa mara nyingi mbele yao, na kwa wenyeji si utovu wa adabu.

Kuna pia suala la pombe: shangazi wawili wa bwana harusi ni walokole. Mwisho uliozoeleka wa Kirusi unasema “basi tunywe”. Mpwa anachagua “tuinue glasi”, maneno yanayotumika vilevile mezani, na shangazi wanainua zao zenye juisi bila kuhisi wamesukumwa.

Toleo la Kirusi, likirudishwa kwetu na majina ya wakwe yakiachwa, linasomeka hivi: “Wazazi wetu wapya, wageni wapendwa! Babu wa kijana huyu alilima mteremkoni mwa Kilimanjaro, akatufundisha kwamba mgomba ulio karibu na mfereji hauogopi kiangazi. Siku ngumu zitakuja. Leo mmetupa binti yenu, nasi tumewapa kijana wetu, ili nyumba yao iwe na maji kutoka pande mbili. Tuinue glasi kwa maharusi!”

Kuna kilichopotea. Mshenga hakutajwa, na dua imebaki kwenye Kiswahili. Ndiyo maana baba mkubwa anatangulia kusema yote kwa lugha yake, na Kirusi kinafuata kwa mkupuo mmoja. Kikikatwa vipande baada ya kila sentensi, glasi zitapanda na kushuka, na wengine watakuwa wamekwisha kunywa kabla ya neno la mwisho.

Kabla ya siku yenyewe, mpwa anamsomea Mrusi mmoja toleo lake kwa sauti, huyo msikilizaji akiwa ameshika glasi. Akiinua mkono mapema, kuna sentensi katikati inayosikika kama mwisho. Akimaliza kusikiliza na mkono haujapanda, sentensi ya mwisho haijataja wazi wanamnywea nani.