Kabla Mwanzi Haujawa Nguzo

Kitisuru haina uhaba wa mianzi. Imejipanga kandokando ya vijito, na kwenye nyua nyingi imepandwa kama pazia la kuwakinga wenye nyumba na macho ya jirani. Kwa hiyo mtu akitaka banda la kupumzikia bustanini, wazo la kukata ya hapo hapo huja upesi. Shida ni kwamba mwanzi unaopatikana kwa urahisi zaidi, ule mnene wa kijani au wenye rangi ya njano uitwao kitaalamu Bambusa vulgaris, ndio unaosumbua zaidi kujengea. Aghalabu haunyooki, na ukuta wake una wanga mwingi, jambo ambalo bungua hulijua kuliko fundi.

Mwanzi wa asili wa milima yetu, Yushania alpina wa Aberdare, Mau na Mlima Kenya, umenyooka zaidi lakini ukuta wake ni mwembamba, na serikali ilipiga marufuku kuuvuna katika misitu ya umma mwaka wa 1986. Kwa nguzo, ni afadhali kutafuta Dendrocalamus asper au Dendrocalamus giganteus kwenye shamba la mtu binafsi. Mianzi hiyo ya Asia ina ukuta mnene na hukua vizuri kwenye nyanda zetu za juu.

Tuchukue banda la kawaida: mita 4 kwa 4, nguzo nne, paa la mabati lenye ukingo wa sentimita 90 kila upande. Nguzo zina kipenyo cha sentimita 10 hivi. Kabla ya kufikiria paa, kuna swali la umri, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mwanzi hautoi umri wake kwa unene. Chipukizi huchomoza ardhini likiwa na unene litakaokuwa nao maisha yote, kisha hufikia urefu wake kamili kwa miezi michache tu. Kwa hiyo mwanzi mnene na mrefu waweza kuwa wa mwaka jana, umejaa maji, na nyuzi zake hazijakomaa. Ukiukata na kuukausha, ukuta hujikunja na kupasuka. Unaotakiwa ni wenye miaka mitatu hadi mitano. Wa mwaka wa kwanza bado una magamba kwenye vifundo na unga mweupe juu ya ngozi. Ule uliokomaa umepoteza mng'ao, magamba yamekwisha kuanguka, na ngozi ina madoa ya kijivu ya ukungu na kuvu. Ugonge kwa mgongo wa panga: mchanga hutoa sauti nzito iliyofifia, uliokomaa hulia kwa ukali. Alama hizi hupotosha mahali penye kivuli au unyevu mwingi, kwa hiyo mwenye kichaka anayejali hupaka rangi ya mwaka kwenye kila chipukizi jipya. Ni kazi ya dakika chache kwa mwaka, na inamaliza ubishi wote.

Mwanzi hukatwa juu kidogo tu ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini. Ukikatwa katikati ya pingili, kisiki kinabaki kikombe cha kukinga maji ya mvua, na uozo unashuka hadi mizizini. Wakati mzuri ni mvua inapokwisha, machipukizi yakiwa yameshajenga miili yao kwa akiba ya wanga iliyokuwa kichakani. Wapo wanaosisitiza pia kukata mwezi ukiwa unafifia. Mimi hapo siweki hata shilingi. Ningeitumia kununua dawa.

Maana adui wetu hali mwanzi wenyewe, anakula wanga. Bungua wa mianzi, Dinoderus minutus, ni mdudu mdogo wa ukoo mmoja na dumuzi anayesaga mahindi ghalani. Hupenya palipokatwa au palipochubuka, hutaga mayai, na mabuu hutafuna ukuta kutoka ndani. Utamjua kwa unga laini kama wa muhogo unaorundikana chini ya nguzo, na vitundu vya milimita moja au mbili. Kufikia hapo ameshafanya kazi yake.

Dawa inayotumiwa sana na mafundi wanyofu ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Kwa kila lita 100 za maji, tia kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki. Zote mbili huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya moto, kwa hiyo zianze na ndoo ya maji ya moto kabla ya kuzimwaga kwenye bwawa. Bwawa lenyewe laweza kuwa mtaro uliochimbwa ardhini na kutandikwa karatasi nzito ya plastiki ya mabwawa. Ushinde urefu wa mianzi kidogo na uzibwe juu, mvua isipunguze nguvu ya dawa wala mtoto au mbwa asiifikie.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi ni hii: mwanzi haunywi dawa kupitia ngozi. Ngozi ya nje ina nta na silika, na utando wa ndani nao ni mgumu, ingawa si kama ngozi. Dawa hupita kwenye mirija midogo inayokwenda na urefu wa ukuta, na mirija hiyo iko wazi kwenye ncha tu. Ndiyo maana kupaka oili chafu ya injini, dawa inayopendwa sana na mafundi wa mitaani, hupendezesha uso na kumwacha bungua ndani kwa amani. Vanishi nayo ni vivyo hivyo. Suluhisho ni kutoboa viwambo vyote vya ndani kwa nondo ndefu iliyochongwa ncha, ili dawa ijae pingili zote na kufikia ukuta kutoka ndani. Kazi ifanywe mwanzi ukiwa bado mbichi, siku chache tu baada ya kukatwa. Dawa husafiri ndani ya unyevu wa mwanzi wenyewe, na mwanzi mkavu huizuia njiani.

Mwanzi unapotumbukizwa, inua ncha moja ili hewa itoke. Kisha weka mawe juu yake. Ukiona mmoja unaendelea kuelea kwa ukaidi, ujue kiwambo kimoja hakikutobolewa na pingili hiyo imefunga hewa. Utoe utoboe upya, usiongeze jiwe. Uache ndani siku saba hadi kumi. Ukitoka, uinamishe dawa itiririke tena bwawani, kisha uukaushe kivulini, umeinuliwa kutoka ardhini, ukigeuzwa kila baada ya siku chache. Jua kali huupasua. Katika hewa ya Kitisuru kazi hiyo huweza kuchukua miezi miwili, au zaidi katika ubaridi wa Julai. Pima mwanzi mmoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka.

Je, dawa iliingia kweli? Jibu liko jikoni. Manjano ina rangi inayogeuka nyekundu ikikutana na boroni katika hali ya asidi. Loweka gramu 10 za manjano katika gramu 90 za spiriti safi, uchuje. Maabara huandaa kimiminika cha pili cha asidi ya hidrokloriki, spiriti na asidi ya salisiliki. Mwachie mkemia sehemu hiyo, asidi si ya kuchezea. Kata kipande katikati ya mwanzi, pake cha kwanza, kikikauka pake cha pili. Palipo na boroni pataiva wekundu, palipo tupu patabaki njano. Ukiona wekundu ndani tu na mstari wa njano upande wa ngozi, dawa haikufika mwisho, na mwanzi ule ni bora uwe rafu kuliko nguzo.

Dawa hii ina udhaifu mmoja usiorekebishika: mvua huiosha. Kwa hiyo ukingo wa paa wa sentimita 90 si urembo, na mguu wa nguzo hauwezi kuzikwa katika udongo mwekundu ambamo mchwa wanangoja. Nguzo ikae juu ya kibao cha zege au jiwe, sentimita 40 au 50 kutoka ardhini, kukiwa na kipande cha plastiki kizito kinachozuia unyevu kupanda. Dawa iliyobaki iongezewe kemikali na kutumiwa tena. Isimwagwe kamwe katika vijito vya Kitisuru, kwani boroni nyingi huunguza mimea.

Sasa kiungo. Fundi wa mbao akikabidhiwa mwanzi hukimbilia msumari, na mwanzi hujibu kwa kupasuka. Nyuzi zake zote huelekea upande mmoja. Kwa kuvutwa kwa urefu ni imara mno, kwa kupanuliwa ubavuni ni dhaifu. Kila tundu lifanywe kwa drili. Nguzo inayobeba boriti huchongwa juu mkato wa duara, unaoitwa mdomo wa samaki, ili boriti ikae kama mtoto begani. Mkato huo uwe juu kidogo tu ya kifundo, ili kifundo kiushike ukuta usifunguke.

Lakini boriti kukaa vizuri haitoshi, maana banda jepesi halianguki tu, pia hupaa. Paa letu pamoja na ukingo lina mita 5.8 kila upande, yaani karibu mita mraba 34. Tukikadiria upepo unaoinua kwa kilo 50 kwa kila mita mraba, tunapata kilo 1,700 hivi. Mabati na mianzi ya paa hurudisha labda kilo 500. Zinabaki kilo 1,200, yaani 300 kwa kila nguzo, zikivuta juu. Nondo ya milimita 12 hubeba mzigo huo bila jasho. Kinachoweza kushindwa ni mwanzi nyuma ya bolti.

Kwa hiyo mafundi wa Kolombia hufanya hivi. Bolti hupitishwa kwa ulalo katika nguzo, chini ya kifundo cha juu, sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye mkato. Nondo yenye ndoano huikamata bolti hiyo kutoka ndani, hupanda kupitia kiwambo na boriti, na kukazwa juu kwa nati na washa pana. Pingili inayobeba bolti hujazwa chokaa cha simenti moja kwa mchanga tatu, kilicholegea kiasi cha kumiminika kwa faneli kupitia tundu dogo. Bila kujazwa, ukuta mtupu hubonyea chini ya washa. Chokaa kikikauka hunywea na kuachana na ukuta kidogo, lakini hushikwa na viwambo viwili vya pingili, na ndiyo sababu havipaswi kubomolewa hapo zaidi ya tundu la nondo. Msanifu majengo Simón Vélez alitumia viungo vya namna hii katika ukumbi wa mianzi wa maonyesho ya Hannover mwaka wa 2000, na Wajerumani walimruhusu baada tu ya kujengwa mfano wa ukubwa kamili huko Manizales na kupimwa.

Miguu ya nguzo hufuata njia ile ile: nondo mbili kutoka kwenye zege huingia ndani ya pingili ya chini, bolti hupita kwa ulalo, chokaa hujazwa. Kwenye fito za paa, ambako mzigo ni mdogo, kamba ya katani inatosha. Nati zote zikazwe upya baada ya kiangazi cha kwanza, kwa sababu mwanzi bado hunywea kidogo na washa iliyokuwa imebana huanza kucheza.