Bei ya zege Issuna inaamuliwa na kasi ya siku

Anayekadiria zege Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi iliyo kando ya barabara ya Manyoni–Singida, kwa kawaida huanza kwa kuuliza mfuko wa saruji unauzwaje. Swali hilo ni la lazima, lakini haliamui bei. Kinachoamua zaidi ni mita za ujazo ambazo kikosi kitazimwaga kwa siku moja, na hilo ndilo jambo ambalo makadirio mengi hayalitaji. Tuchukue jamvi la madarasa mawili ya mita 7 kwa 9 pamoja na baraza la mbele, unene milimita 100: jumla ni karibu mita za ujazo 16. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Atakayefanya hesabu yake aweke za kwake.

Uwiano ni 1:2:4. Ili kupata mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa, unahitaji takriban 1.54 za vifaa vikavu, kwa sababu mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto na saruji kwenye nafasi za mchanga. Ukigawa 1.54 kwa sehemu 7 unapata saruji 0.22, yaani kilo 317 hivi, sawa na mifuko 6.3, ukiongeza upotevu kidogo inakuwa 6.5. Mchanga ni 0.44, uagizwe 0.5. Kokoto ni 0.88, ziagizwe 0.9. Saruji ikifika eneo la kazi kwa shilingi 20,000 mfuko, hiyo ni 130,000. Mchanga wa 24,000 kwa mita ya ujazo unaongeza 12,000, kokoto za 60,000 zinaongeza 54,000, na mapipa mawili ya maji, ya kuchanganyia, kuoshea na kumwagilia jamvi siku zinazofuata, ni 4,000. Vifaa vyote: 200,000.

Sasa kikosi. Mafundi wawili, mwendesha mashine na vibarua 11 wanalipwa 180,000 kwa siku. Kukodi mashine ya kuchanganyia, kukodi vaibreta na kununua mafuta ni 140,000. Siku moja basi inagharimu 320,000, zege limwagwe jingi au kidogo. Mashine ya mfuko mmoja hutoa karibu mita 0.158 za ujazo kila mzunguko. Ikizunguka kila baada ya dakika 4 kwa saa 7, inatoa mita 16 na zaidi kidogo. Lakini kokoto zikiwa zimemwagwa mbali, na maji yakichotwa kwa ndoo, mzunguko mmoja unafika dakika 8, na siku inaishia mita 8. Kwa mita 16 kila mita inabeba 20,000. Kwa mita 8 inabeba 40,000. Kwa mita 4 inabeba 80,000. Nikichukua mita 8, jumla ni 240,000. Kuleta na kurudisha mashine kwa 160,000, ikigawanywa kwa mita 16 za kazi nzima, kunaongeza 10,000. Asilimia 15 ya usimamizi na faida inafikisha 287,500, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, nondo na fomu.

Mtu atasema saruji peke yake ni zaidi ya nusu ya gharama za moja kwa moja, kwa nini tuhangaike na kasi? Kwa sababu saruji imefungwa na uwiano. Bei yake ikishuka kwa 2,000 unaokoa 13,000 kwa mita, lakini kasi ikishuka kutoka mita 8 hadi 4 unapoteza 40,000. Hapo ndipo fundi anaposhawishika kupunguza mfuko ili kufidia, na jamvi linaanza kutoa vumbi mapema. Wengine watasema wananchi wanajitolea, hivyo nguvu kazi ni bure. Michango hiyo ni halali na ionekane kwenye hesabu kwa thamani yake, lakini mashine iliyokodiwa hulipiwa hata watu wakichelewa kufika saa mbili.

Ipo hitilafu moja inayojificha ndani ya vifaa. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, hata kwa asilimia 25, hivyo boksi lililojaa lina mchanga halisi pungufu, zege linatoka pungufu kuliko lilivyokadiriwa na saruji inakwisha haraka. Jaza mchanga huo kwenye chombo chenye kuta wima hadi milimita 200, umimine maji mpaka uloe kabisa, ukoroge na uuache utulie. Ukishuka hadi 160, umevimba kwa robo, na boksi la mchanga liongezwe kiasi hicho. Jamvi letu linapaswa kutumia mifuko 104. Mifuko mitupu ikifika 120, kabla ya kumtuhumu mlinzi wa stoo, pima mchanga, kisha pima unene wa jamvi kwenye kingo na katikati, kwani milimita 15 za ziada zinatosha kumeza karibu mifuko yote hiyo ya ziada.